Choo kinadekiwa kila siku na mende bado wanatoka: namna ya kutafuta chanzo kwenye nyumba ya wapangaji wengi

Kwenye nyumba nyingi za kupanga hapa Dodoma, zamu ya choo ipo na watu wanaifuata. Sakafu inadekiwa, sinki la choo linasuguliwa, jiki inamwagwa, na ikifika usiku mende wanatembea ukutani kama kawaida. Wapangaji wanaanza kutupiana lawama, mmoja ananunua dawa ya kupulizia, kunakuwa na utulivu wa siku chache, kisha hali inarudi palepale.

Sababu ni kwamba zamu inagusa sakafu, wakati wadudu hawazaliani sakafuni. Wanatoka sehemu nne ambazo hazimo kwenye zamu ya mtu yeyote: kwenye trapu iliyokauka, yaani ile shingo iliyopinda inayoshika maji chini ya sinki la choo, chini ya mfuniko wa shimo la choo, ndani ya bomba linalotoa maji bafuni, na pale bomba la maji la uani linapodondosha. Mimi ni fundi bomba, na nyumba nyingi ninazoitwa kwa ajili ya harufu ya choo zina wadudu pia, kwa sababu tundu linalopitisha harufu ndilo linalopitisha mende. Kwa hiyo anza na mdudu unayemwona, umfuate hadi anakotoka, halafu ndipo mgawane kazi.

Kwanza, ukaguzi wa usiku

Usinunue dawa kabla ya kufanya hili. Kati ya saa tatu na saa nne usiku, watu wawili kutoka vyumba tofauti wachukue tochi ya simu, wazime taa ya choo kwa nusu saa, kisha waingie taratibu. Nasema vyumba tofauti kwa makusudi, maana akienda mtu mmoja kesho yake atabishiwa. Mkimulika, msimkimbilie mdudu kumponda. Mwangalieni anakimbilia wapi, kwa sababu mende akishtuka hukimbilia mahali anapoishi. Wekeni alama ya chaki pale alipoingia. Pitieni hivyohivyo bafuni, kwenye chemba zote za uani, kwenye mfuniko wa shimo na chini ya bomba la maji. Mkimaliza mtakuwa na alama chache za chaki, na kazi yote inayofuata inaanzia hapo.

Dalili: mende wakubwa wekundu, usiku, chooni na uani

Huyu ni yule mende wa urefu wa sentimita tatu na nusu hadi nne, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na siku za joto huweza hata kuruka. Anapenda giza, joto na unyevu, kwa hiyo mashimo ya vyoo na chemba ndiyo makazi yake. Chumbani kwako anakuja kutafuta chakula tu.

Usimchanganye na kimende kidogo cha rangi ya kahawia nyepesi, sentimita moja na kitu, chenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Hicho ni cha jikoni na kwenye makabati. Husafiri ndani ya maboksi, redio na friji za mitumba, na hakitoki shimoni. Mkiona hicho, acheni kukisumbua choo. Wekeni dawa ya jeli kwenye vyumba vyote jioni ileile, kwenye kona na bawaba za makabati, na msipulize dawa ya kopo karibu na jeli, kwa sababu mende wataikwepa.

Kwa mende mkubwa, vyanzo ni vitatu, na kila kimoja kina namna yake ya kukithibitisha.

Cha kwanza ni trapu iliyokauka. Chini ya sinki la choo na chini ya tundu la maji bafuni kuna shingo iliyopinda ambayo daima inatakiwa kubaki na maji. Maji hayo ndiyo mlango uliofungwa kati ya shimo na nyumba. Kwenye vyoo vya kuchuchumaa vya kumwagia maji kwa kopo, kina cha maji hayo ni kidogo, mara nyingi sentimita mbili tu. Hapa kwetu mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano, tunakaa hadi Novemba au Desemba hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma. Choo kisichotumika hukauka haraka kuliko watu wanavyodhani. Kipimo chake ni rahisi: mulika ndani ya sinki. Ukiona maji yanang'aa, trapu inafanya kazi. Ukiona giza tupu na pua ikapata harufu, imekauka. Mwaga lita mbili za maji polepole, kisha rudi kesho yake. Maji yakiwepo, tatizo lilikuwa kutotumika. Yakiwa yameondoka ndani ya usiku mmoja, trapu ina ufa na inahitaji fundi.

Kuna hali nyingine inayowachanganya watu. Choo kinatumika kila siku, bafu linatumika kila siku, lakini unakuta tundu la bafuni halina maji. Sikiliza mtu anapomwaga ndoo nzima chooni. Bafuni ukisikia mlio wa kugugumia, basi maji yanayoshuka kwa kasi yanavuta hewa kupitia bafuni na kunyonya maji ya trapu yake. Hapo hakuna bomba la hewa, au lipo na limeziba. Kabla fundi hajaliweka sawa, kila anayemwaga ndoo chooni amwage pia kopo moja kwenye tundu la bafuni.

Chanzo cha pili ni mfuniko wa shimo na mifuniko ya chemba. Zege hupasuka kwenye kona, hasa baada ya gari la kunyonya majitaka kuja na vijana kuinua mfuniko kwa nondo. Mende hahitaji tundu kubwa, upenyo wa kalamu ya risasi unamtosha. Wakati wa usiku mtawaona wamesimama pembezoni mwa ufa, ndevu zikicheza, na mkiwamulika wanazama ndani. Kama hamna uhakika, nyunyizeni unga kidogo wa ngano kuzunguka mfuniko jioni isiyo na upepo. Asubuhi michirizi ya miguu itaonyesha wanapotokea.

Chanzo cha tatu ni pengo linalozunguka mabomba yanapopita ukutani au sakafuni. Fundi alitoboa ukuta, akapitisha bomba la inchi nne, hakurudi kuziba. Hapo inatosha saruji kidogo, na kazi inaisha siku hiyohiyo.

Nyumba moja ya Chang'ombe

Nyumba hii ina vyumba vinane, vyoo viwili, bafu moja na bomba moja la maji karibu na geti. Waliniita mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekolea. Mama mmoja mpangaji aliniambia, "Fundi, sisi tunadeki asubuhi na jioni, hao mende wanatoka wapi?" Walikuwa wameshapuliza dawa moja kwa moja ndani ya shimo, na usiku ule mende waliingia vyumbani kuliko siku zote.

Dawa ilifanya kile ambacho hufanya siku zote ikipulizwa shimoni. Iliwaua wachache, na waliobaki ikawakurupusha watafute njia nyingine ya kutokea. Mbali na hilo, mayai hayakuguswa. Mende mkubwa hutaga mayai ndani ya kifuko kigumu cheusi chenye umbo la punje ya maharage, kila kimoja kikiwa na mayai kumi na kitu, na hukigandisha ukutani. Dawa ya kupulizia haipenyi kifuko hicho, na mayai huweza kuchukua mwezi na nusu au zaidi kabla ya kuanguliwa.

Tulipopita na tochi, alama za chaki ziliangukia sehemu mbili. Choo cha pili kilikuwa na kufuli, kwa sababu waliokuwa wakikitumia walihama na vyumba vyao vilikuwa havijapata watu. Tulipokifungua, sinki lilikuwa kavu hadi chini. Mende walikuwa wakipanda kupitia shingo ya sinki, wakapita chini ya mlango hadi uani. Sehemu ya pili ilikuwa kona ya mfuniko wa shimo, iliyovunjika kiasi cha kuingiza kiganja, ikiwa imefunikwa kwa bati lililowekewa tofali juu. Bati huzuia mtoto asitumbukize mguu, lakini kwa mende ni paa tu.

Dawa haikuhitajika kwanza. Tulimwaga maji kwenye sinki lile, na juu yake vijiko viwili vya mafuta ya kula. Mafuta hukaa juu ya maji na kupunguza kasi ya kukauka, kwa hiyo choo kisichotumika kinaweza kuachwa wiki kadhaa. Mfuniko tuliujazia kona kwa zege, na pembeni yote tukaziba kwa mchanganyiko dhaifu wa mchanga mwingi na saruji kidogo. Udhaifu huo ni wa makusudi. Ukiziba kwa saruji kali, siku ya kunyonya shimo vijana watapiga nyundo na mfuniko utapasuka upya. Bomba la hewa tuliliacha wazi, tukalifunga wavu tu, kwa sababu gesi ya shimo lazima itoke.

Kazi ya namna hii ifanyike mchana, mende wengi wakiwa ndani. Wale waliobaki nje wamalizwe kwa jeli kwenye kona za choo na nyuma ya milango, mahali ambapo watoto hawafiki. Msitathmini baada ya siku tatu. Wachache wataendelea kuonekana kwa wiki kadhaa kutokana na mayai yaliyobaki nje ya shimo. Kama baada ya miezi miwili idadi haijashuka, kuna tundu ambalo hamjaliona, na mrudie ukaguzi wa usiku.

Tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha: mtu asiingie ndani ya shimo kwa sababu yoyote, na msiwashe kiberiti wala mshumaa kuchungulia. Gesi ya humo inaua na inawaka.

Dalili: mbu wengi wakati hakuna mvua

Watu wengi wanajua mbu ni wa masika, kwa hiyo wakiumwa mwezi wa tisa wanashangaa. Mbu wa kiangazi katika nyumba za kupanga wana asili mbili, na unaweza kuzitofautisha kwa saa wanazouma.

Anayeuma usiku, anayelia sikioni, rangi ya kahawia isiyo na madoa, mara nyingi ni yule anayezaliana kwenye maji machafu: shimo la choo, shimo la maji ya bafu, mtaro wenye maji ya sabuni. Huyu si mbu wa malaria. Anasifika zaidi kwa kueneza matende na mabusha katika maeneo yenye ugonjwa huo, hasa pwani. Lakini anauma vibaya na anakosesha watu usingizi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku saba hadi kumi tu kukiwa na joto, kwa hiyo shimo moja lililo wazi linatosha kulisha mtaa.

Kuthibitisha ni hivi. Chukua kipande cha chandarua kikuukuu, funga juu ya bomba la hewa na tandika kingine juu ya ufa wa mfuniko kabla jua halijazama, ukikandamiza pembeni kwa mchanga. Alfajiri angalia upande wa ndani wa wavu. Ukikuta mbu wamejipanga wakitafuta njia ya kutoka, wanazaliwa humo. Usipokuta mbu, acha shimo, tafuta kwingine.

Dawa yake ni wavu wa kudumu juu ya bomba la hewa na mifuniko iliyozibwa. Msitumie wavu wa chuma wa kawaida, kwa sababu gesi ya shimo huula kwa kutu. Tumieni wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu, na mwangalie kila baada ya miezi michache kama haujachanika. Watu wengine humwaga oili chafu ya gari shimoni. Ni kweli inaua viluwiluwi, lakini inashuka ardhini, na sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Dodoma inatoka visimani, kuanzia vile vya Mzakwe. Siishauri kabisa.

Anayeuma mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anazaliana kwenye maji safi yaliyohifadhiwa. Huyu ndiye anayeweza kueneza homa ya dengue. Kwa mgao wa maji tulio nao, kila chumba kina madumu, ndoo na pipa, na maji yanakaa hadi zamu inayofuata. Mbu huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakumwondoi. Chombo kisuguliwe kuta zake za ndani kwa brashi mara moja kwa wiki, kisha kijazwe na kufunikwa. Madumu yenye kifuniko cha kufunga hayana shida. Shida ipo kwenye pipa lililofunikwa kwa bati, na kwenye ndoo ya maji ya kufulia iliyohifadhiwa kwa ajili ya kumwagia chooni. Kuhifadhi maji hayo ni jambo zuri, ila yatumike ndani ya siku moja au mbili.

Dalili: vijinzi vidogo kama nondo, vimetulia ukutani bafuni

Hivi ni vya milimita mbili hadi nne, mabawa yana manyoya, na ukivigusa huacha vumbi la kijivu. Haviumi. Wapangaji huvipiga kwa dawa ya kopo asubuhi, na jioni vipo vingine.

Vinazaliana kwenye utelezi mweusi unaoganda ndani ya bomba la kutolea maji, ule mchanganyiko wa sabuni, nywele na uchafu wa mwili. Bandika selotepu juu ya tundu usiku, upande wa gundi ukitazama chini, uache nafasi kidogo hewa ipite. Asubuhi ukikuta vimenasa, umepata chanzo. Kama hakuna, angalia chini ya tailizi iliyolegea au nyuma ya ndoo isiyoondolewa mahali pake.

Makosa makubwa hapa ni kutegemea jiki na maji ya moto. Vyote viwili hupita katikati ya bomba na kuacha utelezi umeshikilia pembeni, na funza wao wamejificha ndani yake. Kinachofanya kazi ni kusugua: toa kichujio, ingiza brashi ndefu ya kuoshea chupa hadi mwisho wa mkono wako, zungusha, vuta utelezi nje, kisha mwaga maji mengi ya sabuni. Rudia kila wiki kwa wiki tatu, ili wale waliokuwa bado mayai wasipate mahali pa kukua.

Na kwa kuwa kwenye bafu la wote kila mtu huleta dawa yake: msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi inayochoma mapafu, na bafu la tofali lenye tundu moja la hewa si mahali pa kuivuta. Nyumba ichague moja na ile nyingine isiingie.

Dalili: inzi wakubwa wa kijani au bluu, na funza sakafuni

Inzi hawa wanafuata kinyesi kilicho wazi, pampasi na ndoo ya takataka ya chooni isiyo na mfuniko. Kwa choo cha shimo kikavu, mfuniko wa tundu, wavu juu ya bomba la hewa na kopo la majivu kila baada ya matumizi hupunguza sana. Inzi walio shimoni hufuata mwanga, kwa hiyo chumba cha choo kikiwa na giza kidogo wanapanda bomba la hewa na kunaswa na wavu. Majivu hayo msiyatie kwenye choo cha kumwagia maji, yataziba.

Pampasi zisitumbukizwe chooni kamwe. Zinaziba, shimo linajaa kabla ya wakati, na maji yakifurika ndiyo inzi wanapata sherehe.

Bomba la maji la uani

Mende, sisimizi, nyuki na mbu wote wanakuja hapa kunywa au kutaga. Mende anaweza kukaa kama mwezi bila chakula akiwa na maji, lakini akikosa maji hafiki mbali, kwa hiyo tone la bomba wakati wa kiangazi ni la thamani kwake kuliko makombo ya ugali.

Pimeni. Usiku maji yakiwa yanatoka na bomba limefungwa, wekeni ndoo ya lita kumi chini yake saa mbili, mwangalie saa kumi na mbili asubuhi. Pale Chang'ombe ndoo ilifika nusu: lita tano kwa saa kumi, sawa na lita kumi na mbili kwa siku. Kilichohitajika kilikuwa kimpira cha ndani ya bomba, kitu kidogo kinachobadilishwa kwa dakika chache baada ya kufunga koki ya mita. Kisha pale chini palipochimbika kwa kuweka madumu tulijaza kokoto, tukapitisha mfereji mdogo hadi kwenye miche ya mipapai. Dimbwi likauka, na nyuki waliokuwa wakiwasumbua watoto wakati wa kuteka maji wakaacha kuja.

Kupanga zamu inayofika kwenye chanzo

Zamu ya wiki nzima kwa chumba kimoja nimeiona ikishindwa mara nyingi. Hapa Dodoma wapangaji wana ratiba tofauti: mtumishi anasafiri mwishoni mwa wiki, mwanafunzi yuko kwenye mitihani, mama ntilie anatoka saa kumi alfajiri. Mtu akikosa siku mbili katika wiki yake, choo kimeshaharibika.

Chang'ombe walibadilisha iwe zamu ya siku moja. Vyumba vikiwa vinane na siku saba, zamu inajisogeza yenyewe: aliyepata Jumatatu safari hii, inayofuata anapata Jumanne, na hakuna chumba kinachobebeshwa Jumapili daima. Kama nyumba yenu ina vyumba saba, siku zitaganda, kwa hiyo msogeze kwa siku moja kila mwanzo wa mwezi. Kazi ya siku ni fupi na imeandikwa: kusugua sinki, kudeki, kukausha sakafu kwa mpira, kumwaga ndoo ya takataka, kuhakikisha maji yanaonekana kwenye kila trapu.

Zile sehemu nne wakazigawa tofauti. Kila vyumba viwili vilishika sehemu moja kwa mwezi: trapu na choo kisichotumika, mifuniko na wavu, tundu la bafu, bomba na vyombo vya maji. Makabidhiano hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchi nzima. Ijumaa usiku anayetoka na anayeingia wanapita pamoja na tochi. Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu anayepokea hapokei maneno, anapokea kitu alichokiona, na ufa mpya unajulikana ulitokea mwezi wa nani.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa haki. Kijana anayeishi peke yake alisema hawezi kuchangia sawa na chumba chenye watu sita. Walikubaliana siku za zamu zihesabiwe kwa chumba, na pesa ya sabuni, brashi na jeli ihesabiwe kwa kichwa, watoto wanaonyonya wakiachwa. Pesa inatumwa kwa simu kwa mama mmoja, naye anaweka picha ya risiti kwenye kikundi cha nyumba. Anayesafiri anabadilishana na mwenzake na kutangaza kikundini kabla, si baada.

Yaliyo ya mwenye nyumba yasiingizwe kwenye zamu: mfuniko uliopasuka, trapu yenye ufa, bomba la hewa, kunyonya shimo lililojaa. Mtumieni ujumbe mmoja kwa jina la wapangaji wote, wenye picha ya kila kasoro, mahali ilipo na kazi inayohitajika. "Shikamoo mzee, mfuniko wa shimo kona ya kushoto umevunjika, fundi anahitaji mfuko mmoja wa saruji na siku moja" linajibiwa haraka kuliko "mzee, mende wametuzidi." Akikubali mtengeneze wenyewe na kukata kwenye kodi, maneno hayo yaandikwe kabla ya kununua saruji, na risiti zitunzwe. Akikaa kimya, nendeni kwa balozi wa shina au mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana kwa bwana afya wa kata, ambaye ana mamlaka ya kukagua nyumba na kumtaka mwenye nyumba arekebishe. Akija, msimwonyeshe mende waliokufa. Mpelekeni kwenye alama za chaki.